Kwa anayeanza kusoma rejista za mahakama: safu ya mdhamini

Wiki yako ya kwanza ya kutafiti kama polisi na mahakama huwabagua maskini utakaa masjala. Karani atakuletea rejista lenye jalada gumu na rundo la majalada yaliyofungwa kwa uzi, nawe utaanza kunakili kwenye kompyuta: umri, kabila, kazi, makazi, kosa, tarehe, dhamana, hukumu. Baada ya majalada mia utaona kile tulichokiona sote tulipoanza. Wanaobaki mahabusu kwa wizi mdogo ni wabeba mizigo, wauza maji, wapiga debe na vijana wanaolala sokoni. Moyo utakusukuma uandike mara moja kwamba maskini wanabaguliwa. Huenda ni kweli, na mimi naamini mara nyingi ni kweli. Lakini rejista peke yake halijakwambia hivyo bado, na wakili wa upande wa pili atakuuliza maswali ambayo ni heri ujiulize mwenyewe kwanza.

Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: karibu kila safu unayonakili imejazwa na mfumo uleule unaotaka kuupima. Angalia safu ya kazi. Haikujazwa na mshtakiwa. Ilijazwa na askari kituoni, pengine saa nane ya usiku, watu kumi na tano wakiwa wamepanga foleni kaunta. Nimekuta kijana aliyeuza vitambaa Kariakoo miaka sita ameandikwa “mkulima”, na wa pili wake, wa biashara hiyohiyo, ameandikwa “hana kazi”. Ukipima umaskini kwa safu hiyo, unapima pia haraka na mtazamo wa yule aliyeshika kalamu. Tulipolinganisha na mahojiano ya ana kwa ana, makazi yalitusaidia zaidi kuliko kazi, hasa pale palipoandikwa “hana makazi maalumu”.

Safu ya hukumu ina hatari kubwa zaidi, kwa sababu inaonekana ndiyo yenye uhakika. Kuna kipimo maarufu kinachotokana na wazo la mchumi Gary Becker: kama polisi wanawashuku watu wa kundi fulani kwa sababu ndogo kuliko wanavyowashuku wengine, basi katika kundi hilo watakuta makosa machache zaidi kwa kila watu mia waliopekuliwa. Mwaka 2001 John Knowles, Nicola Persico na Petra Todd walilitumia wazo hilo kwa magari yaliyopekuliwa kwenye barabara kuu ya I-95 huko Maryland, Marekani. Madereva weusi walikutwa na vitu haramu katika asilimia 34 ya upekuzi, weupe asilimia 32. Kwa madereva wenye asili ya Amerika ya Kilatini ilikuwa asilimia 11 tu, dalili kwamba hao walikuwa wakipekuliwa kwa sababu hafifu. Wataalamu wengine walikikosoa kipimo hicho, na hoja yao ni nzito: wastani wa kundi zima hausemi kitu kuhusu yule mtu wa mwisho ambaye askari alisitasita kumsimamisha, na ubaguzi unaishi kwa mtu huyo.

Sasa mtu anayeanza huja na wazo hilo Dar es Salaam, anaweka “alitiwa hatiani” mahali pa “alikutwa na kitu”. Usifanye hivyo. Pale Maryland matokeo yalikuwa kitu kilichokutwa ndani ya gari, na kitu hicho hakikukubali wala kukataa. Kwetu hukumu nyingi za makosa madogo zinatokana na neno moja la mshtakiwa: nakiri. Nimekaa benchi la nyuma nikawasikia watu waliokamatwa kwenye msako wakikiri mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile, kwa sababu ndani ya karandinga walikuwa wameshaambiana kwamba anayekiri anapigwa faini na anayekana anarudishwa mahabusu kusubiri tarehe. Mtu mwenye ndugu wa kumdhamini anaweza kukana na kupigania kesi yake akiwa nje. Asiye na ndugu anakiri. Kwa hiyo maskini wataonekana wana hatia zaidi, na kipimo chako kitatoa jibu kwamba polisi waliwakamata kwa sababu nzuri. Yaani kadiri mfumo unavyombana maskini, ndivyo unavyoonekana wa haki.

Kwa makosa ya uzururaji hali ni mbaya zaidi, maana kosa lenyewe ni hali ya mtu. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu vinagusa wazembe, wasio na kazi na wazururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Kwa mtafiti somo ni jepesi: huwezi kulinganisha tajiri na maskini “waliofanya kosa lilelile” pale ambapo kukosa pesa na mahali pa kukaa ndiyo sehemu ya kosa. Makosa hayo yaweke kwenye faili lake, uyachambue peke yake.

Watafiti wazuri hutafuta kitu ambacho polisi hawakiamui. Mwaka 2006 Jeffrey Grogger na Greg Ridgeway walitumia kuzama kwa jua katika mji wa Oakland, California. Walichukua saa zilezile za jioni, ambazo kwa miezi fulani ni giza na kwa miezi mingine bado kuna mwanga, wakauliza kama kwenye mwanga madereva weusi wanasimamishwa kwa kiwango kikubwa kuliko gizani, ambapo askari haoni vizuri rangi ya dereva. Ni wazo zuri sana, na kila mwaka kuna mwenzetu mpya anayetaka kulileta hapa. Tatizo ni jua letu. Oakland wakati wa baridi saa kumi na moja na nusu jioni ni giza, na wakati wa joto saa mbili usiku mwanga ungalipo. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 hivi mwaka mzima. Unabaki na dirisha la nusu saa tu, tena nusu saa ambayo watu wanatoka makazini na foleni imefunga barabara. Halafu umaskini wa Dar hauko usoni. Uko kwenye mkokoteni, kwenye ndala, kwenye eneo ulilokutwa, na giza halivifichi hivyo.

Ndiyo maana nakushauri ujifunze vizuri safu moja inayowapotosha hata wazoefu: mdhamini.

Nitatumia namba nilizozitunga kwa ajili ya kufundishia, ili hesabu ionekane. Chukua washtakiwa 200 wa wizi mdogo. Mia wana makazi yanayojulikana, mia hawana. Katika wenye makazi, 90 walileta wadhamini wenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. 81 kati yao wakapewa dhamana. Kumi hawakuleta, akatoka mmoja. Jumla wametoka 82. Katika wasio na makazi, 30 tu walileta wadhamini, wakatoka 27. Sabini hawakuleta, wakatoka saba. Jumla 34.

Pengo ni 82 dhidi ya 34. Sasa mtu mwenye programu ya takwimu atasema tulinganishe wanaofanana, tuwatenge wenye mdhamini na wasio naye. Wenye mdhamini: asilimia 90 kwa kundi la kwanza, asilimia 90 kwa la pili. Wasio na mdhamini: asilimia 10 na asilimia 10. Pengo limetoweka lote, na ripoti inaandikwa kwamba hakuna ubaguzi dhidi ya maskini katika dhamana.

Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha. Imejibu swali moja: je, hakimu aliyeletewa karatasi zilezile anawatendea watu tofauti kwa sababu ya makazi yao? Katika namba hizi, hapana, na ni haki ya hakimu huyo kusemewa hivyo. Lakini wewe uliuliza kwa nini maskini wanabaki ndani, na jibu lilikuwa ndani ya safu uliyoitumia kuwafanya wafanane. Sharti la mdhamini ndiyo njia ambayo umaskini unapita kufika mahabusu. Ukiiziba njia hiyo kwenye hesabu, usishangae kuona hakuna kilichopita. Toa majibu yote mawili, kila moja chini ya swali lake, na usikubali msimamizi akuambie lile la hakimu tu ndilo la kisayansi.

Sharti lenyewe linasomeka sawa kwa wote, kwa hiyo inabidi uone linavyofanya kazi. Kijana mmoja muuza karanga alikamatwa Ijumaa jioni. Simu yake ilibaki kaunta pamoja na mkanda na viatu, na namba ya mjomba wake ilikuwa humo ndani ya simu. Kichwani hakuwa nayo. Jumatatu alisomewa shtaka, akaambiwa dhamana iko wazi kwa wadhamini wawili wenye barua. Jalada likaandikwa: “ameshindwa kutimiza masharti.” Mjomba, anayeishi Mbagala, alipata habari kupitia mwuza karanga mwingine. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa hamfahamu huyo kijana maana hajaandikishwa hapo. Kila mmoja katika mlolongo huo alifuata utaratibu wake.

Maneno “ameshindwa kutimiza masharti” utayakuta mara nyingi sana, na kwenye kompyuta wengi huyageuza kuwa “hapana”. Usiyageuze hivyo. Tenga nafasi ya aliyenyimwa na nyingine ya aliyeruhusiwa akashindwa, kwa sababu ni watu wawili tofauti. Kisha ongeza tarehe tatu ambazo fomu nyingi hazina: alipotajiwa masharti, mdhamini alipofika, alipotoka. Tarehe ya mdhamini utaipata kwenye bondi iliyosainiwa, mara nyingi imekunjwa nyuma ya jalada, kwa hiyo fungua uzi wote.

Kwa yule kijana, kati ya tarehe ya kwanza na ya pili zilipita siku kumi na moja. Kati ya ya pili na ya tatu hapakuwa na hata siku moja. Alitoka mchana uleule.