Jibu la kwanza likishatoka, halirudi

Lalamiko zito huja wakati ofisi imefungwa. Mimi lilinikuta Jumamosi asubuhi, nikiwa mgeni kazini: mteja ameweka mtandaoni picha ya mkono uliojaa malengelenge, na chini yake ameandika kwamba losheni yetu ina sumu.

Mwenzangu alishafuta maoni mawili ya watu waliokuja kuuliza kwenye ukurasa wetu. Walikuwa wameyapiga picha, na kufumba na kufumbua mjadala haukuwa tena losheni, ni "wanaficha nini?" Tangu siku ile nafuta matusi na namba za simu za watu tu.

Nami nilikuwa nimeshaandaa tangazo: "Si kweli kwamba losheni yetu ina sumu." Bosi wangu akanizuia. Picha ile ilikuwa imeonwa na mamia, ilhali ukurasa wetu ulifuatwa na maelfu. Ningewapelekea uvumi watu ambao haujawafikia, tena neno litakalowabaki kichwani ni "sumu". Isitoshe, chupa yenyewe hatukuwa tumeiona.

Tukajibu palepale alipolalamika:

"Pole sana, dada. Tafadhali acha kuitumia kwa sasa, na maumivu yakizidi muone daktari. Tumekutumia ujumbe kuomba picha ya namba ya toleo iliyo chini ya chupa. Leo saa 10 jioni tutarudi hapa kueleza tulipofikia."

Pole hiyo haikiri kosa wala haikani. Inamtazama mtu aliyeumia. Maneno ya kiofisi hapo huwasha moto. Aprili 2017 abiria aliburutwa nje ya ndege katika safari ya United Airlines, na video ikaenea. Taarifa ya kwanza ya mkurugenzi mkuu, Oscar Munoz, iliomba radhi kwa kulazimika "kuwapangia upya" abiria. Watu walikuwa wameona damu usoni mwa mtu. Hasira ikapanda, na kesho yake akalazimika kuomba radhi upya.

Saa 10 hatukuwa na jibu kamili, lakini tulirudi: namba tumeipata, haimo kwenye kumbukumbu zetu za uzalishaji, tunaomba kuichukua chupa tuikague. Ukiahidi saa, rudi saa hiyo hata kama huna jipya.

Jumatatu ikathibitika kuwa chupa ni bandia. Hapo ndipo kishawishi kilikuwa kikali kuliko vyote, cha kuandika "umeuziwa feki, si yetu". Hatukuandika hivyo, maana mkono wake ulikuwa bado unauma na yeye ndiye aliyetapeliwa. Tulimweleza kwanza kwa simu, tukamwomba ruhusa ya kutaja matokeo, kisha tukajibu chini ya picha yake.

Sasa tangazo kwenye ukurasa wetu lilikuwa na kazi, kwa kuwa chupa nyingine huenda zilikuwa bado madukani. Lilianza hivi: "Chupa yetu halisi ina namba ya toleo iliyochongwa, haifutiki kwa kidole." Neno "sumu" halikutokea popote.