Wakala wa ajira au kutafuta mwenyewe: hesabu niliyoifanya Tororo

Swali: «Nina kampuni ya watu 9 mjini Mbale. Nahitaji mhasibu sasa, na baadaye msimamizi wa ghala. Wakala wa Kampala anadai asilimia 12 ya mshahara wa mwaka. Nimlipe, au nitafute mwenyewe?»

Ndugu yangu, mimi nimepita njia zote mbili, na mtu wa kwanza niliyemtafuta alikuwa mhasibu vilevile. Tuna ghala la nafaka Tororo, tuko watu 14, na kazi yetu ni kununua mahindi na maharagwe kwa wakulima, kuyakausha, kuyapanga kwa ubora na kuyauza kwa magunia. Mwaka 2022 nilimtumia wakala. Mwaka 2023 nilitafuta mwenyewe kwa nafasi ileile. Mwaka 2024 nikarudi kwa wakala, lakini kwa nafasi nyingine na kwa mkataba mwingine kabisa. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba mhasibu umtafute mwenyewe, na msimamizi wa ghala pengine umwachie wakala.

Asilimia 12 husikika ndogo mpaka uiandike kwa shilingi. Mshahara tuliouweka ulikuwa 1,500,000 kwa mwezi kabla ya makato, yaani 18,000,000 kwa mwaka, hivyo ada ikawa 2,160,000. Juu yake ikaja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 388,800, na ankara yote ikafika 2,548,800. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi hiyo huweza kuidai kodi hiyo irudi. Sisi hatukuweza, kwa sababu mazao ambayo hayajasindikwa yamesamehewa kodi hiyo, na anayeuza bidhaa zilizosamehewa hana pa kuirudishia kodi aliyolipa. Kwa hiyo, kabla hujajadiliana na wakala, angalia biashara yako imesimama wapi katika jambo hili. Muulize pia mshahara anaoupigia asilimia ni upi, kwa maana wapo wanaojumlisha posho ya nyumba na ya usafiri ndani yake, na wewe ulidhani mnazungumzia mshahara wa msingi peke yake. Anayedai mshahara wa mwezi mmoja anadai asilimia 8 na kitu ya mwaka. Huyo wa asilimia 12 anakutoza karibu mwezi mmoja na nusu.

Sasa, fedha hizo zinanunua nini? Wengi hujibu kwamba zinanunua muda, nami nilijibu hivyo, mpaka mwaka uliofuata nilipoandika saa zangu katika daftari la mizani. Nilipotafuta mwenyewe nilipata maombi 163. Kuyasoma kwa dakika nne kila moja kulichukua saa 11 hivi, na nilipojumlisha kuandika tangazo, kupiga simu, kuwasaili watu wanane, kuwapigia wadhamini wao na kushughulikia barua, jumla ikawa saa 35. Gharama ya kutangaza haikuzidi 200,000, kwa sababu sikutangaza gazetini. Nilibandika karatasi katika vyuo vya biashara vya Tororo na Mbale na kupeleka tangazo katika makundi ya Watsapu ya wahasibu.

Hesabu yangu ilibadilika nilipokumbuka kwamba hata mwaka wa wakala sikukaa bure. Nilitumia saa nyingi kumweleza kazi yetu, kisha nikayakataa majina matatu ya kwanza kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kushughulikia hesabu za mzigo unaopungua uzito ukikauka, kisha nikawasaili wanne wa awamu ya pili. Zilikuwa saa 14. Basi wakala aliniokolea saa 21, si 35. Toa 200,000 za matangazo katika ankara yake, ugawanye kwa 21, utaona kwamba kila saa niliyookolewa niliinunua kwa takriban shilingi 112,000.

Kiasi hicho ndicho cha kupima, na huwezi kukipima bila kujua saa yako inaingiza nini. Mwezi wa Machi, ghala likiwa karibu tupu, saa yangu haifiki hata robo ya hapo. Lakini mwezi wa Julai, mahindi ya msimu wa kwanza yanapoingia na malori yamepanga foleni tangu alfajiri, nikiondoka kwenye mizani asubuhi moja tu naweza kupokea mzigo wenye unyevu wa asilimia 17 uliolipiwa kama mkavu, na hasara yake ikapita ada yote ya wakala. Mtu anayetafuta mwenyewe achague mwezi. Mimi nilitangaza mwishoni mwa Februari, nikamaliza Aprili.

Suala la kuwafikia watu ndilo lililonigharimu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Wakala aliniambia ana wahasibu wengi katika kanzidata yake, na hakusema uongo. Ila walikuwa wahasibu wa Kampala. Tuliyemchukua alikuwa kijana mzuri na mpole, mwenye vyeti visivyo na doa, lakini mke na watoto walibaki Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na kila Ijumaa mchana ungemwona anachungulia saa. Katika mwezi wake wa nne nasi alipata kazi Ntinda, kulekule Kampala, akaaga kwa heshima. Dhamana ya wakala ya kuleta mtu mwingine bila malipo ilikuwa ya siku 90. Ilikuwa imekwisha wiki tatu kabla.

Kosa hilo ni langu, kwa sababu niliusoma mkataba nikaridhika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, ambacho kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi mingine 6 mfanyakazi akikubali. Ikiwa wewe bado unamjaribu mtu kwa miezi sita na wakala amekwisha kunawa mikono mwezi wa tatu, nusu ya pili ya majaribio unaibeba peke yako. Tena angalia neno lililotumika: dhamana nyingi zinaahidi mbadala, hazirudishi fedha, na huzimika zenyewe ukichelewa kulipa ankara hata kwa siku chache.

Katika yale maombi 163, mengi hayakufaa kitu. Kuna aliyeomba udereva. Lakini watu 20 hivi walikuwa wenyeji wa Tororo, Busia na Mbale wenye sifa kamili, na kadhaa wao walikuwa wanafanya kazi Kampala na wanatafuta sababu ya kurudi nyumbani. Hao hawakuwa katika orodha ya wakala. Mhasibu anayetafuta kazi husoma matangazo, na mji mdogo humpelekea habari hata asiposoma.

Bila wakala utalazimika kuchuja mwenyewe, na kwa mhasibu kuna mtihani mdogo unaochuja kuliko mazungumzo. Niliwapa wale wanane karatasi moja: mfanyakazi analipwa 1,500,000, andika kodi ya mshahara, mchango wa NSSF na kiasi atakachopokea mkononi. Kwa viwango vya wakati huo, kodi ilikuwa 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kila kilichozidi 410,000, yaani 352,000. Mchango wa mfanyakazi wa asilimia 5 ni 75,000, hivyo anabakiwa na 1,073,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 yake, yaani 150,000, kutoka mfukoni mwake. Wanne kati ya wanane waliondoa kwanza zile 75,000 kisha wakapiga kodi juu ya kilichobaki, wakapata 329,500. Hapa Uganda mchango huo haupunguzi mshahara unaotozwa kodi. Tofauti ni 22,500 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi mmoja. Izidishe kwa watumishi wako na kwa miezi kabla Mamlaka ya Mapato haijagundua, kisha uongeze adhabu. Wakala wetu wa 2022 alithibitisha vyeti na kuwapigia wadhamini, lakini hakuna aliyepewa hesabu hata moja aifanye. Mama tuliyemwajiri baada ya mtihani ule yupo nasi hadi leo.

Msimamizi wa ghala ni habari nyingine. Mtu anayejua kupanga magunia, kupima unyevu, kufukiza wadudu bila kuwadhuru wapakiaji na kusimamia vijana ili wasiibe, tayari ana kazi na hasomi matangazo. Tena huenda yuko kwa mfanyabiashara jirani unayesalimiana naye kila siku, na ukimpigia simu wewe mwenyewe, mji mzima utakuwa na habari kabla ya jua kuzama. Hapo ada inanunua kitu ambacho saa zako haziwezi kukinunua, kwa kuwa wakala huenda kimya kimya kwa watu kadhaa bila kutaja jina la kampuni mpaka mtu aonyeshe nia. Mwaka 2024 nililipa kwa roho safi.

Kabla ya kusaini, omba kuona kibali cha wakala. Sheria inamtaka awe nacho, nacho hutoka katika wizara inayoshughulikia kazi, yaani Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kisha waulize watu anaokuletea, ukiwa nao peke yako, kama wametozwa chochote. Mmoja aliyeletwa na wakala niliyezungumza naye mwanzoni mwa 2024 aliniambia alidaiwa shilingi 50,000 za fomu. Nikaachana na wakala yule siku hiyohiyo, kwa kuwa orodha yake ilikuwa imechujwa na mifuko ya waombaji kabla ya kunifikia.

Kwa yule tuliyekubaliana naye, ada ilikuwa mshahara wa mwezi mmoja wa msingi, bila posho. Tulivutana wiki nzima juu ya masharti mawili tu, na mwishowe yakaandikwa hivi, unaweza kuyachukua kama yalivyo: «Nusu ya ada italipwa mfanyakazi akianza kazi, na nusu ya pili italipwa akithibitishwa baada ya majaribio ya miezi sita; akiondoka au akiondolewa kabla ya hapo, nusu ya pili haitadaiwa. Hakuna ada itakayodaiwa kwa mtu yeyote ambaye jina lake limo katika orodha ambayo kampuni imempa wakala kabla ya tarehe ya mkataba huu.» Orodha yetu ilikuwa na majina tisa, yakiwemo matatu niliyoyapata katika yale maombi 163 ya mwaka uliotangulia.