Maswali na Majibu: Pembetatu ya Mstari Mguso na Mihimili Miwili

Mpindo ni y = 1/x na nukta ni (2, 1/2). Mimi nimepata eneo 1/2, kitabu kinasema 2. Nani kakosea?

Kitabu kiko sahihi. Wewe umezidisha nusu kwa 2 kwa 1/2, yaani umezifanya namba za nukta ya mguso kuwa kitako na kimo. Kosa hili huletwa kwangu kila mara, na chanzo chake ni kukimbilia kanuni ya eneo kabla ya kuchora. Ungechora ungeona kwamba nukta ya mguso iko katikati ya upande mrefu wa pembetatu, ilhali kitako na kimo hupimwa kutoka chimbuko hadi pale mstari unapokata mihimili. Mteremko wa mpindo huu ni -1/x², kwa hiyo kwenye x = 2 ni -1/4, na mlinganyo wa mstari mguso ni y = 1 - x/4. Ukiweka y = 0 unapata x = 4; ukiweka x = 0 unapata y = 1. Nusu ya 4 mara 1 ni 2.

Kwa mpindo huohuo, ni nukta gani inayotoa eneo dogo kabisa?

Hakuna, kwa kuwa maeneo yote ni sawa. Chukua nukta yoyote (a, 1/a), a ikiwa chanya: mstari mguso hukata mihimili kwenye x = 2a na y = 2/a, na nusu ya zao lake ni 2, kwa maana a inajifuta. Nukta inaposogea kulia kitako hurefuka, na kimo hupungua kwa uwiano uleule. Mwanafunzi anayetafuta mteremko wa eneo hilo hupata sifuri kila mahali, kisha hufuta kazi sahihi akidhani amekosea. Asiifute, bali aandike kwamba eneo halibadiliki. Msiihamishie sifa hii mipindo mingine, kwani kwa y = x² eneo ni a³/4, nalo hukua upesi a inapokua.

Eneo langu limetoka hasi, niliache hivyo?

Usiliache: kitako na kimo ni urefu, kwa hiyo ondoa alama ya hasi kabla ya kuzidisha.

Kwa y = x² + 1 kwenye (1, 2) napata eneo sifuri. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Mteremko hapo ni 2, mstari ni y = 2x, nao unapita kwenye chimbuko, hivyo unakata mihimili yote miwili mahali pamoja na pembetatu haipo. Kwenye (0, 1) pia haipo, ila kwa sababu nyingine: mstari mguso ni y = 1, ambao uko sambamba na mhimili wa x na hauukati kamwe. Anayeandika "sifuri" katika hali hii ya pili anakosea, kwa sababu hapo kitako hakina mwisho.