Chanda, Mgomba na Wakwe: Kuipeleka Hotuba ya Harusi Katika Kiingereza

Ninyi mnaoanza kazi ya kutafsiri mtaletewa hotuba za harusi mapema, kwa kuwa ni fupi na mwenye hotuba hudhani kwamba ni kazi ya jioni moja. Nitaeleza hotuba moja tu niliyoifanyia kazi, ya mzee aliyekuwa baba mkubwa wa bibi harusi, ambaye alitaka kuwasemesha wakwe wasiojua Kiswahili bila kuwapoteza jamaa zake mwenyewe waliokuwa ukumbini humo humo. Ilikuwa kurasa mbili zenye methali tatu, na methali hizo kila moja ilinitaka njia yake.

Ya kwanza ilikuwa "Chanda chema huvikwa pete". Mtafsiri mgeni huvutwa na mambo mawili hapa, na yote mawili huharibu. La kwanza ni kutafuta msemo wa Kiingereza wenye maana hiyo hiyo, yaani kwamba wema haukosi malipo. Misemo hiyo ipo, lakini haina kidole wala pete, na mzee anasema maneno haya huku pete ikionekana mkononi mwa binti. Picha iliyo mbele ya macho ya watu haitupwi. La pili ni kukisoma chanda "chema" kana kwamba ni chanda "kizuri". Kivumishi -ema husifu tabia, ilhali -zuri mara nyingi husifu umbo, kwa hiyo ukichagua neno la Kiingereza la uzuri wa sura, mzee atakuwa amesimama mbele ya wageni akisifu vidole vya mtoto wa ndugu yake. Nilichoandika, nikikieleza kwa Kiswahili, ni kwamba kidole kilichotenda mema ndicho kinachovishwa pete, kisha nikaacha sentensi iliyofuata ya mzee, iliyotaja jinsi binti alivyowatunza bibi zake, ifanye kazi ya ufafanuzi. Tazameni kwanza sentensi inayofuata methali kabla ya kuongeza maelezo yenu, kwa maana mara nyingi msemaji amekwisha kuifafanua mwenyewe.

Methali ya pili ndiyo iliyonitia aibu. Mzee alimgeukia bwana harusi na kumwambia, "Mwanangu, mke ni nguo, mgomba kupalilia." Katika rasimu yangu ya kwanza nilitafsiri neno kwa neno. Bibi harusi, aliyekuwa amepewa nakala aipitie, aliniuliza kwa upole kama baba yake mkubwa alikuwa amemwita vazi. Hakuwa amemwita hivyo. Kosa lilikuwa katika neno "ni", ambalo hapa halisemi kwamba kitu fulani ndicho kitu kingine. Linasema kwamba jambo la mke ni kuvishwa, kama jambo la mgomba lilivyo kupaliliwa. Nusu ya pili inalithibitisha hilo, kwa kuwa hakuna anayedhani kwamba mgomba ndio kupalilia. Kiingereza hakina mfupisho wa namna hiyo, na kitenzi chake cha "ni" kikisimama kati ya mke na nguo humgeuza mke kuwa nguo kweli.

Nilimrudia mzee nikiwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilianza na mgomba, likisema kwamba mgomba humstawia anayeupalilia, na nyumba humstawia anayemtunza mwenzake. La pili lilibaki karibu zaidi na asili: kama mgomba unavyodai jembe, ndivyo mke anavyodai kutunzwa. La kwanza linapokelewa vizuri zaidi na masikio ya wageni, lakini limebadili usemi, kwa sababu limemtia mume pia katika kutunzwa, na methali haisemi hivyo. Uamuzi huo si wa mtafsiri. Mwonyesheni msemaji tofauti iliyopo, mweleze kila moja itasikikaje, kisha mwache achague. Mzee alichagua la pili, akaongeza kwa kalamu yake kwamba mume naye hafi njaa mahali mke anapotunzwa. Sentensi hiyo niliitafsiri kwa furaha, kwani sasa ilikuwa yake.

Ya tatu, "Haba na haba hujaza kibaba", ilimalizika haraka. Aliitumia kuwashukuru waliochangia, hakuna picha iliyokuwa ikisubiriwa, na kueleza kipimo cha kibaba kungeipooza shukrani. Niliweka msemo wa Kiingereza unaofanana nayo, nikaendelea.

Heshima ni ngumu kuliko methali, kwa sababu haikai mahali pamoja. Katika Kiswahili imo katika majina ya kuitana, imo katika "naomba", na imo hata katika viambishi vya kitenzi. Mzee aliandika, "Wakwe zetu, tunawaletea mtoto wetu, bado ni mchanga, mtufundishie." Yeyote aliyelelewa katika lugha hii anasikia unyenyekevu wa upande wa mke, na anasikia kwamba -ia katika "mtufundishie" inawapa wakwe nafasi ya kutusaidia sisi wazazi. Katika Kiingereza cha moja kwa moja, mwanamke mwenye kazi yake na umri wake anaombewa mafunzo kama mtoto wa shule. Niliuhamisha unyenyekevu kutoka kwa binti nikauweka kwa wazee: tumemlea kadiri ya uwezo wetu, na pale tulipopungukiwa tunawaomba ninyi mwe wazazi wake pamoja nasi. Aliyeinama bado ni upande wetu, ila bibi harusi hakudogoshwa.

Neno "wakwe" lenyewe lina mtego. Jina la mkwe kwa Kiingereza limebeba ndani yake neno la sheria, na watu hawalitumii kumwita mtu usoni. Likirudiwa mara sita, kama lilivyorudiwa katika hotuba, linasikika kama hati ya mahakamani. Niliwaita jamaa zetu wapya mara ya kwanza, kisha nikatumia majina ya kawaida ya ndugu, na mara moja tu, mwishoni, nikaacha "wakwe zetu" kwa Kiswahili, wageni wakiwa wamekwisha kuelewa ni nani anayeitwa.

Jambo jingine ni kwamba hotuba husikika. Mzee anaposema "Chanda chema" na kunyamaza, jamaa zake humalizia "huvikwa pete" bila kuombwa. Kwa hiyo methali hiyo moja niliibakiza kwa Kiswahili, nikaweka alama ya kunyamaza katikati, kisha Kiingereza chake chini. "Shikamooni" ya mwanzo nayo niliiacha, ili "marahaba" ipate kuitikiwa. Zaidi ya hapo sikurudufu kitu, kwa sababu hotuba yenye kila jambo mara mbili humchosha hata anayeelewa lugha zote mbili.

Msipime urefu kwa kuhesabu maneno. "Tumewapokea" ni neno moja kwetu na ni manne kwa Kiingereza, lakini muda wa kulitamka haupandi mara nne. Pimeni kwa saa, msemaji mwenyewe akisoma kwa sauti. Mzee aliposoma mbele yangu alikwama mara tatu mahali pale pale, kwenye neno refu nililolipenda mimi. Nililifuta, nikaweka fupi, na aliposoma tena alifika mwisho bila kuinamisha kichwa kutafuta mstari.