Kidonge cha Jumapili: kulinda mifupa ya mgonjwa wa prednisoloni

Wadogo zangu mnaoanza kliniki, kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mgonjwa yuko kwenye prednisoloni kwa miezi, tunamwandikia kalsiamu na vitamini D, tunaona tumemaliza. Kwa wengine inatosha. Kwa wengine haitoshi kabisa, na hata yule aliyeandikiwa dawa ya kulinda mfupa anaweza kuwa anaimeza bure.

Nitawaeleza kisa cha mama mmoja wa Machame, wa miaka 64, mwenye baridi yabisi. Alikuwa amemeza prednisoloni miligramu 10 kila siku kwa miezi minane. Alikuja hapa Moshi analalamika mgongo, maumivu yaliyoanza siku alipoinua ndoo ya majani ya ng'ombe. Nilimpima urefu: alikuwa amepungua sentimeta 4 kulinganisha na ule ulioandikwa kwenye daftari lake la zamani. Eksirei ya mgongo iliyopigwa kwa ubavu ikaonyesha pingili mbili zimebonyea. Moja ilikuwa ya zamani, na hakukumbuka hata siku iliyomuuma. Pingili nyingi huvunjika kimya hivyo, ndiyo maana nawaomba mpime urefu siku ya kwanza na muuandike.

Prednisoloni huzuia seli zinazojenga mfupa, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni na huongeza ile inayopotea kwenye mkojo. Upotevu huwa wa kasi zaidi miezi ya mwanzo, kwa hiyo msingoje mwaka upite. Yeyote atakayetumia miligramu 2.5 au zaidi kwa siku kwa miezi mitatu na kuendelea, fikirieni mifupa yake siku mnapoandika kidonge cha kwanza, na kila anaporudi ulizeni kama dozi inaweza kushushwa. Ishusheni ninyi, polepole. Mgonjwa asiiache ghafla mwenyewe.

Kalsiamu tulihesabu pamoja. Lengo ni kama miligramu 1000 hadi 1200 kwa siku, chakula kikiwemo. Ana ng'ombe, anakunywa vikombe viwili vya maziwa, hapo ni takribani 600. Mboga, maharage na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vinaongeza. Kidonge kimoja cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1250 kina kalsiamu halisi 500 tu, na kimoja kilimtosha, akimeze na chakula cha jioni. Vitamini D ni yuniti 600 hadi 800 kwa siku. Someni lebo vizuri, maana namba kubwa iliyo mbele ya kopo mara nyingine ni ya kalsiamu kaboneti nzima, si ya kalsiamu halisi.

Kwa umri wake na mivunjiko ile, alihitaji pia dawa ya kulinda mfupa, alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Tulikuwa tumeshamwanzishia miezi miwili kabla. Nikamuuliza, "Mama, kile kidonge cha wiki unakimezaje?"

"Asubuhi, mwanangu, na chai ya maziwa, pamoja na vile vingine. Si mliandika asubuhi?"

Tuliandika hivyo kweli. Alendroneti hufyonzwa kidogo mno hata tumbo likiwa tupu, na maziwa au kalsiamu huishika isipite. Miezi miwili ile ilikwenda bure, na kosa lilikuwa letu.

Tukapanga upya. Jumapili anaamka, anameza alendroneti peke yake kwa glasi nzima ya maji matupu, bila kutafuna. Kisha halali wala hainami kwa nusu saa angalau, kwa sababu kidonge kikirudi kwenye umio huuchoma na kuutia vidonda. Yeye anavaa na kutembea kwenda ibadani. Chai na vidonge vingine vinamngoja akirudi.

Kabla ya kumwanzishia tulihakikisha figo zinafanya kazi, kalsiamu ya damu haiko chini, anameza chakula bila kukwama, na jino bovu limeng'olewa kwanza. Asiyeweza kukaa wima, au mwenye umio uliobana, msimpe kidonge. Mfikirieni sindano ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka, kama figo zinaruhusu. Kwa msichana atakayetaka kuzaa, zungumzeni kwanza, kwani dawa hizi hukaa kwenye mfupa miaka mingi.

Jambo la kwetu huku: kwa mgonjwa wa Arumeru mwenye meno ya kahawia, ulizeni maji ya kunywa. Floraidi nyingi huufanya mfupa wa mgongo uonekane mzito kwenye kipimo cha msongamano, kumbe si imara. Kipimo kizuri kwa mtu huyo kisiwatulize.

Mama wa Machame alirudi baada ya mwaka, akiwa kwenye prednisoloni miligramu 5. Urefu ulikuwa uleule.