Maswali na Majibu: Kosta Haijajaa

Tumejiandikisha 22 kwenda Chemka kutoka Arusha, waliolipa nauli ya 20,000 ni 16. Kosta ni 400,000, Haisi ya abiria 14 ni 250,000. Tufanyeje?

Hao 22 wasahau, una watu 16. Na 16 ni idadi mbaya kuliko 14, maana imezidi Haisi na haijaitosha Kosta. Mkononi mna 320,000, pengo ni 80,000. Kila mmoja akiongeza 5,000 mnaondoka na Kosta, lakini muulize mmoja mmoja kabla ya kutangaza. Wawili wakikataa mnabaki 14, Haisi inawatosha, na kwa nauli ileile zinabaki 30,000. Hatari ni akikataa mmoja tu: mtakuwa 15, na kila mtu ataongeza karibu 6,700.

Kwa hiyo usitume kianzio cha Kosta leo. Muulize mwenye gari mwisho wa kubadilisha ni lini, kisha watu wako wape siku moja kabla ya hapo. Kushindilia 16 kwenye Haisi hapana. Barabara ya Moshi ina trafiki, na kutoka Boma Ng'ombe kuingia Chemka njia ni mbovu.

Hela ya kiingilio na chakula iweke kando kabisa. Hiyo huenda kwa kichwa, wakipungua watu nayo inapungua. Gari halipungui bei. Anayeziba pengo la gari kwa hela ya kiingilio atawakwamisha wenzake getini.

Watoto wanahesabiwa?

Akikalia kiti, analipa nauli.

Nimepata msiba, safari ni kesho. Nitarudishiwa hela yangu?

Pole sana. Ya kiingilio na chakula ambacho hakijanunuliwa, yote. Ya gari, hapana, isipokuwa apatikane wa kukaa nafasi yako, kwa sababu kiti chako tayari kimo kwenye hesabu ya wenzako. Mratibu alipaswa kuliandika hili siku ya kwanza. Kama hakuandika, mzigo ni wake, akurudishie.

Kwani lazima tulipe mapema? Si tunafahamiana?

Swali hili linarudi kila mwezi na jibu ni lilelile: lazima. "Nipo" ya kwenye Wasap haijazi mafuta. Niliwahi kusimama Mnara wa Saa saa 12 asubuhi, tumefika 11 kati ya 20 walioandika majina, mratibu anatudai 10,000 zaidi kila mmoja huku gari linanguruma. Kina mama wawili waliokuja na hela kamili ya siku hiyo walirudi nyumbani na vyakula vyao. Kama idadi haijatimia, watu waambiwe siku tatu kabla, wakiwa bado na nafasi ya kukataa.

Mratibu asafiri bure?

Sawa, ila asijihesabu kwenye wale 20 wanaotimiza bei ya Kosta.