Mpira wa mkojo na sipro

"Babangu ako na mpira wa mkojo wiki tatu, mkojo umekuwa mzito na unanuka, nimnunulie dawa ya sipro ya kuua bakteria?"

Usinunue bado, kama hana homa, hatetemeki, haumwi kiunoni wala chini ya kitovu na hajaanza kuchanganyikiwa ghafla basi hiyo si ya kutibu, mpira ukikaa wiki kadhaa bakteria lazima wakuwe ndani na harufu peke yake haisemi kitu. Mimi ni nesi wa wodi ya wanaume hapa Kisumu na hii naiona kila wiki.

Mwenzetu aliyemjibu kwamba mpira ubadilishwe kwanza yuko sawa nusu, tunabadilisha hivyo akiwa mgonjwa kweli na mpira umepita wiki mbili, ama umeziba. Juzi tulipokea mzee aliyekaa na mpira siku 20, joto 38.9, tukatoa ule wa zamani, ndani umeshika uchafu kama mchanga, tukaweka mpya, mkojo wa kuotesha bakteria maabara tukauchukua kwa huo mpya, si kwa mfuko, ndio dawa ikaanza. Majibu yalikuja sipro haifanyi kazi, daktari akabadilisha, jumla siku 7.

Na dada wa Nakuru unayesema dawa ya nitrofurantoini ilikusaidia, ni kwa sababu maambukizi yako yalikuwa ya kibofu tu, kwa mtu ako na homa dawa hiyo haifiki kwa figo vizuri. Dawa gani ya kuanza nayo mtu akiwa na homa, madaktari wetu wenyewe hubishana. Babako akishikwa na homa mpeleke siku hiyo hiyo.